Kwa Nini Chipsi za Viazi Vibichi Hukataa Kukauka Kwenye Kikaangio cha Hewa

Menya viazi, vikate, vitie kwenye kikaangio cha hewa, kisha bonyeza kitufe kilichoandikwa FRIES. Mara nyingi utakachotoa ni chipsi zenye ncha zilizoungua, ubavu mweupe, na kiini ambacho bado ni kigumu. Siku nyingine mimina mfuko wa chipsi za friza kwenye kikapu hichohicho, bonyeza kitufe hichohicho, na zitatoka zimeiva, zina rangi ya dhahabu, kavu nje na laini ndani. Wengi huamua hapo kwamba viazi vya sokoni ni vibaya, au kwamba mashine waliyouziwa ni ya bei rahisi.

Sababu haiko kwenye viazi wala kwenye mashine. Katika mashine nyingi kitufe kile kimepangwa kwa ajili ya chipsi za friza: joto la karibu nyuzi 200 tangu mwanzo, kwa dakika 15 hadi 20. Chipsi ya friza si kiazi kibichi kilichogandishwa. Ni chipsi iliyokwisha kupikwa nusu, ikasimamishwa katikati, ikagandishwa. Kiazi chako kinaanza safari mwanzo kabisa. Ukiishika tofauti hii moja, habari ya joto, ya mafuta na ya kutikisa kikapu inakuwa rahisi kuielewa.

Kiwandani kiazi humenywa, hukatwa kwa vipande vya unene mmoja, kisha hupitishwa kwenye maji ya moto. Maji hayo huondoa sukari na wanga uliobaki juu ya vipande, na huanza kulainisha ndani. Vipande hukaushwa kwa hewa, hutumbukizwa kwenye mafuta ya moto kwa muda mfupi, kiasi cha dakika moja, kisha hugandishwa haraka. Katika dakika ile ya mafuta ngozi nyembamba hujijenga nje ya kila kipande, na mafuta kidogo hubaki ndani ya ngozi hiyo. Soma upande wa nyuma wa mfuko: chipsi nyingi za friza zina mafuta kati ya gramu 3 na 6 kwa kila gramu 100. Baadhi hupakwa pia wanga mwembamba ili zikauke zaidi. Kazi iliyobaki jikoni kwako ni ndogo: kuyeyusha barafu, kukausha maji ya juu, na kuipa ngozi ile rangi.

Katika eneo letu sehemu kubwa ya chipsi hizi huja kwa meli. Wasomaji wa Kenya watakumbuka Januari 2022, migahawa ya KFC ilipoishiwa chipsi kwa sababu shehena zilichelewa baharini, na watu wakauliza inakuwaje chipsi zikosekane katika nchi inayolima viazi vingi namna ile. Kiazi cha Nyandarua, cha Njombe au cha Mbeya kinaweza kutoa chipsi nzuri sana. Kinachotakiwa ni kukifanyia nyumbani zile hatua ambazo kiwanda kilizifanya kwa niaba yako.

Mashine yenyewe ilibuniwa kwa ajili ya chipsi. Mholanzi Fred van der Weij alikuwa anatafuta namna ya kupata chipsi kavu bila karai la mafuta, na kampuni ya Philips ikakileta kikaangio chake hadharani kwenye maonyesho ya Berlin mwaka 2010. Ndani ya mashine mna waya wa joto juu, feni inayousukuma moto chini kwa nguvu, na kikapu chenye matundu ili hewa ipite kati ya vipande na kuzunguka. Hakuna siri nyingine. Hata hivyo hewa hubeba joto kidogo sana ikilinganishwa na mafuta. Chipsi ikizama kwenye karai hupata moto kila upande kwa wakati mmoja. Kwenye kikapu hupata moto pale tu hewa inapoigusa, na mahali ambapo vipande viwili vimelaliana hewa haifiki, mvuke unabaki pale, na pale patabaki peupe. Ndiyo maana kikaangio cha hewa hakisamehe kikapu kilichojazwa wala kisichotikiswa, ilhali karai la muuza chipsi husamehe mengi.

Tuanze na za friza, kwa kuwa habari yake ni fupi. Usiziyeyushe. Zikiyeyuka kabla ya kuingia kwenye moto, maji yake huchuruzika, ngozi hulowa, na vipande huvunjika. Washa mashine tupu kwa dakika 3 kwa nyuzi 200, kisha mimina chipsi moja kwa moja kutoka friza. Kikapu cha lita 4 kinachukua vizuri gramu 400 hadi 500, yaani tabaka mbili hivi, kisivuke nusu ya kina. Chipsi nyembamba huhitaji dakika 12 hadi 15, nene dakika 18 hadi 22. Wanaoishi Marekani na Kanada, ambako mashine husoma kwa kipimo cha Farenhaiti, wataweka 400.

Mafuta usiongeze. Kiwanda kimeshaweka, na yakipata joto yatatoka juu ya ngozi yenyewe na kufanya kazi yake. Ukiongeza kijiko kingine, mafuta hayawezi kushika kwenye uso wenye barafu. Yatateleza, yatapita kwenye matundu, yatakusanyika kwenye trei ya chini na kuanza kufuka moshi.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kununua: bonyeza mfuko kwa vidole. Chipsi zinatakiwa ziwe zimeachana, zikitembea ndani ya mfuko. Zikiwa zimeshikana kuwa bonge moja, na mfuko una barafu nyingi ndani, basi ziliyeyuka mahali fulani njiani au dukani umeme ulipokatika, zikagandishwa tena. Hizo hazitakauka vizuri hata ukizifanyia nini.

Sasa viazi vibichi, ambako ndiko kwenye kazi. Kiazi kibichi ni maji kwa karibu asilimia 75 hadi 80. Katika kilichobaki, sehemu kubwa ni wanga. Unataka mambo mawili yatokee, na kila moja lina joto lake. La kwanza ni ndani kuiva: wanga unywe maji na kuvimba, na kiini kiwe laini. Hili huanza kiini kikifika nyuzi 60 hadi 70, nalo linahitaji muda zaidi kuliko moto mkali. La pili ni nje kukauka na kupata rangi. Rangi haiji mpaka maji ya juu yaishe na uso upande kupita nyuzi 140 hivi, na hapo ndipo moto mkali unapotakiwa. Ukianza na nyuzi 200, la pili hulitangulia la kwanza: nje kunaungua ndani kukiwa bado kubichi. Ukibaki kwenye nyuzi 160 mpaka mwisho, ndani kutaiva lakini nje kutanyauka na kuwa kama ngozi, bila rangi.

Kwa hiyo viazi vibichi hupikwa kwa awamu mbili. Wauza chipsi wazuri wanalijua hili tangu zamani: huzitoa kwenye karai zikiwa nyeupe, huziacha pembeni, na mteja akija huzirudisha kwenye mafuta yaliyopamba moto. Kwenye kikaangio cha hewa unafanya yaleyale kwa kubadilisha namba.

Tuchukue mfano wa nusu kilo ya viazi vilivyokwisha kumenywa, kwenye mashine ya wati 1,500 yenye kikapu cha lita 4. Katika kuchagua, tafuta viazi vyenye unga mwingi na maji machache. Kuna kipimo cha nyumbani: koroga kikombe 1 cha chumvi kwenye vikombe 11 vya maji, kisha tumbukiza kiazi kizima. Kinachozama kina wanga mwingi na kitatoa chipsi kavu; kinachoelea kina maji mengi, na nafasi yake ni kwenye mchuzi. Shangi, ambacho Wakenya wanakijua sana, huiva haraka na hufaa, ila huchipua mapema, basi kinunue kidogokidogo. Kiazi kilichoanza kuchipua au kilicholala kwenye friji kimegeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na sukari hiyo huungua kabla chipsi haijaiva. Viazi vya chipsi vihifadhi kabatini, penye giza na hewa.

Kata vipande vya unene wa sentimita moja. Unene uwe mmoja. Hili ni muhimu kuliko urefu. Kipande cha nusu sentimita kilichochanganyika na cha sentimita moja na nusu hakiwezi kuiva kwa dakika sawa na mwenzake, na hakuna mtikiso utakaokiokoa. Loweka kwenye maji baridi kwa dakika 30, kisha suuza mpaka maji yasiwe na rangi ya maziwa. Weupe ule ni wanga uliotoka kwenye seli zilizokatwa na kisu. Ukiachwa juu ya vipande, hugeuka gundi mara tu upatapo moto, na chipsi zako zitashikana mafungu mafungu na kung'ang'ania kikapu. Maji hayo pia huchukua sukari ya juu, hivyo rangi inakuja polepole na kwa usawa.

Halafu kausha. Hatua hii ndiyo hurukwa zaidi ya zote, na mimi naiona kuwa ndiyo inayoamua. Tandaza vipande juu ya taulo safi ya jikoni, funika kwa taulo nyingine, bonyeza, geuza, bonyeza tena, kisha viache wazi dakika 10. Kila tone la maji linalobaki juu lazima lichemshwe na kugeuzwa mvuke kabla chipsi haijaanza kupata rangi, na dakika hizo hutoka kwenye zile ulizoziwekea ngozi kukauka. Kipande kiwe kikavu kiasi kwamba kikigusana na karatasi hakiachi alama.

Weka vipande kwenye bakuli kubwa, mimina kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, yaani mililita 15, na geuza kwa mikono mpaka kila kipande king'ae. Fanya hivi kwenye bakuli, si kwenye kikapu, kwa sababu kikapu kina matundu na nusu ya mafuta itakwenda chini. Chumvi ngoja kwanza. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya kiazi, na umehangaika kuyakausha.

Kwa nini kijiko kimoja? Mililita 15 ni karibu gramu 14 za mafuta. Nusu kilo ya viazi ikipoteza maji jikoni inaweza kutoka ikiwa na gramu 300 hivi. Hesabu inakuja kwenye gramu 4 hadi 5 za mafuta kwa kila gramu 100 za chipsi zilizoiva. Yaani kijiko kimoja kinazifikisha chipsi zako karibu palepale ambapo kiwanda kilizifikisha zile za friza. Chipsi zilizokaangwa kwenye karai hufika kwa urahisi gramu 12 au zaidi. Wanaosema kikaangio cha hewa hakihitaji mafuta kabisa wanasema kweli kwa chipsi za friza tu. Kiazi kibichi kisichopakwa mafuta hukauka kwa kunyauka: uso unakuwa mkavu, mweupe wenye mikunjo, na mgumu kutafuna, kwa kuwa hakuna kilichosaidia joto kuenea sawasawa juu ya uso wake. Nusu kijiko kinaweza kutosha kwa mtu anayepunguza mafuta kwa ushauri wa daktari, ingawa rangi itakuwa hafifu. Vijiko viwili havikupi chipsi kavu zaidi. Ziada inadondoka chini.

Chagua mafuta yanayohimili nyuzi 200. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa, ya mawese yaliyosafishwa, au ya mahindi yanafaa. Mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa kwenye mashine ndogo, kama yale mazito yenye harufu yanayouzwa kando ya barabara Singida na Dodoma, ni matamu kwenye mboga lakini hufuka moshi mapema mno kwa kazi hii, na nazi ya kukamua nyumbani ni vivyo hivyo. Mafuta ya kopo ya kupuliza yenye viungo vingine ndani yake huacha utando wa kunata juu ya kikapu, utando usiotoka kwa kuosha, na mwisho huharibu ule mpako unaozuia kushika. Ukitaka kupulizia, tia mafuta ya kawaida kwenye chupa yako mwenyewe.

Sasa kikapu kiingie. Awamu ya kwanza ni nyuzi 160 kwa dakika 12. Awamu ya pili ni nyuzi 200 kwa dakika 8 hadi 10. Katikati yake ndipo kutikisa kunapoanza kuwa na maana.

Kutikisa kuna kazi mbili: kuleta juu vipande vilivyokuwa chini, na kuvunja mahali vilipogusana ili hewa ipite. Lakini chipsi ya friza na ya kiazi kibichi hazivumilii mtikiso kwa wakati mmoja. Ya friza imeshapata ngozi kiwandani, kwa hiyo unaweza kuitikisa mapema na kwa nguvu. Ngoja dakika 5, barafu iwe imeachia na vipande vimeachana, tikisa; kisha tena dakika ya 10. Hiyo inatosha.

Cha kibichi kina kipindi cha hatari. Dakika za mwanzo bado ni kigumu. Kuanzia kama dakika ya 7 mpaka mwisho wa awamu ya kwanza kimekuwa laini ndani na hakijapata ngozi nje. Ukikirusharusha wakati huo kitakatika vipandevipande, na vile vijipande vidogo vitaungua vikiwa chini. Kwa hiyo katika awamu ya kwanza usitikise. Kwenye dakika ya 7 vuta kikapu, tumia mwiko wa mbao kunyanyua vipande vya chini kuvileta juu taratibu, rudisha. Ukibadilisha joto kuwa 200, tikisa kidogo, kwa kuyumbisha tu. Baada ya dakika 4 ngozi imeanza kujijenga. Hapo tikisa kwa kurusha, na tena baada ya dakika 3. Sasa ndipo mtikiso unapoleta faida kubwa, kwa sababu kila kipande kinachoguswa na hewa kinapata rangi.

Fanya haraka. Mashine nyingi husimama zenyewe ukivuta kikapu na joto hutoka nje, na kila mtikiso wa kivivu unaongeza dakika. Na kama mashine yako ina kitufe juu ya mpini kinachotenganisha kikapu na trei yake, weka kidole mbali nacho unapotikisa, la sivyo trei yenye mafuta ya moto itakuangukia miguuni.

Sikiliza pia. Chipsi ambazo hazijakauka huanguka ndani ya kikapu kwa kishindo kizito, kama vitu vilivyolowa. Zilizokauka hugongana kwa mlio mkavu, mwepesi. Mlio huo unaaminika kuliko saa, maana saa haijui ulikata nene kiasi gani wala viazi vyako vilikuwa na maji kiasi gani. Kuhusu rangi, simama kwenye dhahabu. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden waligundua kwamba vyakula vya wanga vikipikwa kwa moto mkali bila maji hujenga kemikali iitwayo akrilamaidi, ambayo kwa wanyama wa maabara imeonekana kusababisha saratani. Hujengeka zaidi kadiri rangi inavyokwenda kwenye kahawia nzito. Kuloweka, kutotumia viazi vya friji, na kutoa chipsi zikiwa za dhahabu vyote huipunguza.

Zikitoka, nyunyiza chumvi mara moja, mafuta yakiwa bado ya moto juu yake ili ishike. Kisha kuna kosa la kwetu sana: kuzitia kwenye hotpoti zisipoe. Mvuke unaotoka ndani ya chipsi hauna pa kwenda, unarudi juu ya ngozi, na ndani ya dakika chache kazi yote imelowa. Ziache kwenye sahani pana bila kufunika, au ndani ya kikapu mashine ikiwa imezimwa na imevutwa nje kidogo. Chipsi za kibichi hulegea haraka kuliko za friza, kwa hiyo watu wawe mezani kabla hujazitoa. Kama unakusudia chipsi mayai, zitoe dakika 3 kabla. Yai litazimalizia kwenye kikaango, na zilizokauka sana hazishikani nalo.

Ukipata matokeo mabaya, chipsi yenyewe hukuambia. Kahawia nje na kiini kigumu maana yake ni kwamba awamu ya kwanza ilikuwa fupi, au vipande ni vinene. Ongeza dakika 3 kwenye nyuzi 160. Ncha nyeusi na katikati kweupe ni sukari: viazi vya zamani, vya friji, au visivyolowekwa. Mabaka meupe ubavuni ni kikapu kilichojaa kupita kiasi. Kulegea kote, bila rangi popote, ni maji ambayo taulo haikuyachukua.

Au ni umeme. Hili vitabu vya maelekezo havilisemi, kwa kuwa viliandikwa kwa nchi ambazo umeme wake hautetereki. Mashine ya wati 1,500 hutoa wati hizo kwenye volti 230. Jioni, mtaa mzima unapopika na kuwasha taa, volti zikishuka mpaka 200, nguvu ya waya wa joto haishuki kwa kiwango kilekile. Hushuka hadi karibu robo tatu, yaani wati 1,130 hivi. Feni nayo huzunguka taratibu. Kioo bado kinaonyesha 200, lakini kikapu chenye viazi vyenye maji hakiwezi kufika huko kwa wakati. Dalili yake ni kwamba mapishi yaliyotoka vizuri mchana yanagoma usiku. Dawa si kuongeza joto, kwani umeshafika mwisho wa kipimo. Punguza kiasi: badala ya gramu 500 weka 300 au 350, na ongeza dakika 4 hadi 5 kwenye awamu ya pili. Chipsi za friza huumia zaidi na volti ndogo, kwa kuwa huanza chini ya sifuri, hivyo kwao kupasha mashine kwanza si jambo la hiari tena.

Anayetaka ladha ya kiazi chake na wepesi wa mfuko wa supamaketi anaweza kutengeneza chipsi za friza mwenyewe, na kwa familia yenye watoto wa shule mimi ningeshauri njia hii kuliko zote. Asitie viazi vibichi kwenye friza kama vilivyo; barafu hupasua seli zake, vinageuka rangi kuwa kijivu, na vikipikwa vinakuwa bwabwa. Kata kilo moja kwa unene wa sentimita moja, suuza, kisha chemsha dakika 4 kwenye maji yenye chumvi na kijiko kikubwa kimoja cha siki kwa kila lita. Siki huifanya nyama ya kiazi ishikamane, isimeguke. Chuja, acha mvuke uishe kabisa, paka vijiko viwili vikubwa vya mafuta, na pika kwa mafungu mawili kwa nyuzi 160, dakika 8 kila fungu. Zitoke nyeupe. Zipoe kabisa, zitandaze kwenye trei bila kugusana, zigandishe mpaka ziwe ngumu, ndipo uzifunge kwenye mfuko na kuutoa hewa. Siku ya kula zinapikwa kama za dukani: kutoka friza moja kwa moja, nyuzi 200, dakika 14 hadi 16, bila mafuta mengine, mtikiso dakika ya 5 na ya 10. Andika tarehe juu ya mfuko, na uzimalize ndani ya miezi miwili.